Safari ya kilomita 480: spidi 120 badala ya 100 inaokoa dakika ngapi hasa?

Mtaka_Kufika
Wadau, naomba tupige hesabu hii pamoja. Safari ni kilomita 480, barabara ya lami yenye njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, gari dogo la petroli. Gawa 480 kwa 100 unapata saa 4 na dakika 48. Gawa kwa 120 unapata saa 4 kamili. Tofauti ni dakika 48. Lakini madereva wanaoipita njia ya namna hii kwa spidi zote mbili wanasema tofauti inayoonekana kwenye saa haifiki hata nusu ya hizo. Dakika zilizobaki zinapotelea wapi? Mahubiri ya usalama nimeshayasikia, nataka hesabu.

mchapa_lami
Hesabu yake nyepesi tu mkuu. Spidi ikipanda asilimia 20, muda unashuka asilimia 20. Kinachokuharibia ni vijijini. Chukulia nusu ya njia unatembea 60 na nusu nyingine 120, wastani wako ni 90. Gawa 480 kwa 90, mchezo umeisha.

Mzani
Mchapa_lami, la vijijini uko sahihi, hayo mengine mawili hapana.

Spidi ikipanda kutoka 100 hadi 120, muda unashuka kwa asilimia 16 na kitu, haufiki 20. Tazama hesabu ya mwenye uzi mwenyewe: dakika 288 zimekuwa 240, zimepungua 48, na 48 ni moja ya sita ya 288.

La wastani ndilo linalowaponza wengi. Nusu ya njia ni kilomita 240. Ukizitembea kwa 60 zinakula saa 4. Nusu ya pili kwa 120 inakula saa 2. Jumla saa 6, na 480 ukigawa kwa 6 unapata 80, siyo 90. Sababu ni kwamba kwenye sehemu ya polepole unakaa muda mrefu zaidi, kwa hiyo ina uzito mkubwa zaidi kwenye wastani. Sasa jiulize: baada ya nusu ya kwanza kwa 60, ukimbie spidi ngapi nusu iliyobaki ili wastani wa safari nzima uwe 120? Safari nzima kwa 120 ni saa 4, na hizo saa 4 umeshazimaliza ukiwa katikati ya njia. Hata ungepaa.

mchapa_lami
Duh. Hiyo ya 80 nimeirudia kwenye kikokotoo mara mbili. Haya, nimekubali.

Mzani
Ngoja niiweke vizuri, maana huu ndio mzizi wa swali lote. Sahau spidi kwa muda. Hesabu dakika zinazoliwa na kila kilomita 10. Unagawa 600 kwa spidi, basi.

Kwa spidi 40, kilomita 10 zinakula dakika 15. Kwa 60 ni dakika 10. Kwa 80 ni 7 na nusu. Kwa 100 ni 6, kwa 120 ni 5, na kwa 140 ni 4 na sekunde kama 17.

Ona hatua zinavyopungua ingawa kila mara unaongeza 20 zile zile. Kutoka 40 kwenda 60 umeokoa dakika 5. Kutoka 60 kwenda 80, mbili na nusu. Kutoka 80 kwenda 100, moja na nusu. Kutoka 100 kwenda 120 ni dakika moja tu, na kutoka 120 kwenda 140 hata dakika hiyo huipati, ni sekunde 43. Mguu unakandamiza kwa nguvu ile ile, injini inalia zaidi, malipo yanazidi kuwa haba.

Akili ya binadamu haikuumbwa kuliona hili. Mwanasaikolojia wa Uswidi, Ola Svenson, amekuwa akilichunguza tangu miaka ya 1970: watu wakiulizwa wanakadiria kupita kiasi muda unaookolewa pale spidi iliyo juu inapoongezwa, na wanaudharau ule unaookolewa pale spidi iliyo chini inapoongezwa. Mguu unadanganywa na mshale wa spidomita, saa haidanganyiki.

Dada_Breki
Mtaka_Kufika, hebu ikate hiyo njia vipande. Kilomita ngapi ni miji na vijiji vyenye matuta, ngapi ni milima na kona ambako lori linakutawala, na ngapi ni wazi kabisa ambako mguu wako ndio unaoamua? Na unasimama dakika ngapi jumla?

Mtaka_Kufika
Kwa makadirio: miji na vijiji kilomita 70, wastani humo ni kama 42. Milima na kona kilomita 110, wastani kama 66. Zilizobaki 300 ni wazi. Kusimama kula na kujinyoosha, dakika 40.

Dada_Breki
Safi. Kilomita 70 kwa 42 ni dakika 100. Kilomita 110 kwa 66 ni dakika 100 nyingine. Ongeza 40 za kusimama. Hizo ni dakika 240 ambazo kanyagio lako halizigusi. Uwe dereva wa 100 au wa 120, ni zile zile.

Kilichobaki cha kushindania ni kilomita 300. Kwa 100 ni dakika 180, kwa 120 ni 150. Kwa hiyo dakika zako 48 zimekuwa 30 kabla hata hatujawasha gari. Safari nzima ni saa 7 dhidi ya saa 6 na nusu.

kipimo_halisi
Na mmesahau spidomita inadanganya. Ikisoma 120 huendi 120. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza spidomita kuonyesha chini ya mwendo halisi, lakini inairuhusu kuzidisha hadi asilimia 10 na juu yake kilomita 4 kwa saa. Yaani gari linaweza kusoma 120 huku kwa kweli linatembea 106 na bado liko ndani ya kanuni. Kwa hiyo hata hizo 30 ni za uongo, punguza tena.

Mzani
Kanuni umeitaja sawa, hitimisho limepinda. Spidomita ikizidisha, inazidisha kwa wote wawili. Chukua gari linalozidisha kwa asilimia 5 hivi. Anayesoma 100 anatembea 95, anayesoma 120 anatembea 114. Kwenye kilomita 300 wa kwanza anatumia dakika 189 na nusu, wa pili 158. Tofauti ni 31 na kitu. Akiba imeongezeka kidogo badala ya kupungua, kwa sababu wote wameshuka kwenda kwenye spidi za chini ambako kila hatua ina thamani zaidi. Spidomita inakufanya uchelewe kuliko ulivyopanga, lakini haili tofauti kati ya 100 na 120.

Ukitaka kujua yako inazidisha kiasi gani, shikilia mwendo mmoja kwenye tambarare kwa dakika moja hivi, abiria asome spidi kwenye ramani ya simu. Usisome ukiwa kwenye mteremko au unaongeza mwendo, simu huchelewa sekunde chache na utapata jibu la uongo.

Baba_Gia
Mnahesabu kama vile hizo kilomita 300 ni uwanja wa ndege. Kuna malori humo ndani. Dakika zinazotafutwa zimelala nyuma ya lori.

Weka hivi: malori yanatembea 80, yameachana kilomita 2 kutoka moja hadi jingine. Wewe wa 100 unalikaribia kila moja kwa tofauti ya 20, kwa hiyo unalifikia jipya kila baada ya dakika 6, yaani kila kilomita 10. Wa 120 analikaribia kwa tofauti ya 40, analifikia kila dakika 3, kila kilomita 6. Kwenye kilomita 300, wa 100 anayapita malori 30, wa 120 anayapita 50. Umeongeza spidi kwa moja ya tano, kazi ya kuovateki imeongezeka kwa theluthi mbili.

Sasa huwezi kupita papo hapo, upande wa pili kuna magari yanakuja. Tuseme kwa kila lori unakaa nyuma yake dakika moja. Katika dakika hiyo mnatembea kilomita moja na theluthi. Wa 100 angezitembea kwa sekunde 48, kwa hiyo amepoteza sekunde 12. Wa 120 angezitembea kwa sekunde 40, amepoteza 20. Lori ni lile lile, dakika ni ile ile, lakini mwenye haraka ndiye anayekatwa zaidi.

Zidisha: malori 30 kwa sekunde 12 ni dakika 6. Malori 50 kwa sekunde 20 ni dakika karibu 17. Kwa hiyo ni 186 dhidi ya 167. Akiba imebaki 19.

sifuri_na_nukta
Mzee Baba_Gia, njia umeichora vizuri ila umezidisha idadi ya malori. Ukiwa umekwama nyuma ya lori la 80, na wewe unatembea 80, kwa hiyo lile la mbele yake hulikaribii hata kidogo. Wa 120 anakwama zaidi, basi wa 120 ndiye anayepungukiwa malori zaidi. Ukirudisha huo muda ndani ya hesabu, wa 100 anapita malori kama 26 na anamaliza kilomita 300 kwa dakika 185. Wa 120 anapita kama 41 na anamaliza kwa dakika 164. Tofauti kama 22 ukihesabu na zile nukta, siyo 19.

Baba_Gia
Kijana uko sahihi, nilihesabu kana kwamba gari halijawahi kupunguza mwendo. Weka 22. Ila na wewe hujahesabu sekunde za kurudi kutoka 80 hadi 120 baada ya kupita, na gari dogo lenye watu wanne na mizigo haliruki. Wa 100 anarudi kwenye mwendo wake mapema, wa 120 bado anasukuma. Hapo kuna dakika nyingine moja au mbili.

sifuri_na_nukta
Hizo nazikubali bila ubishi.

mama_wa_safari
Samahani, mimi natumia basi siyo gari dogo. Kwa nini basi linalokimbia sana linafika stendi muda ule ule na lile la taratibu? Au wanadanganya ratiba?

Dada_Breki
Mama, sababu ni hizo hizo, kwa basi zinauma zaidi. Basi linasimama mara nyingi, kupakia, kushusha, chakula, ukaguzi, na dakika za kusimama hazijui spidi. Kisha kuna vituo ambako haliruhusiwi kuondoka kabla ya saa yake. Lililowahi kufika linakaa na kusubiri, na hapo akiba yote inarudi sifuri.

Hata kwa gari dogo ni hivyo. Penye matengenezo ya barabara wanaruhusu upande mmoja kwa zamu, au penye kivuko, au reli inayokatiza. Aliyetangulia kwa dakika 8 anakutwa amesimama, wa nyuma anafika, wanaruhusiwa pamoja.

mchapa_lami
Hapo nakupinga dada. Kivuko kinaweza pia kunisaidia! Nikiwahi kwa dakika 3 nakipata, wa nyuma anasubiri saa nzima. Hapo spidi imeniokolea saa, siyo dakika.

Mzani
Hoja yake ina uzito, isipuuzwe. Penye kivuko akiba ndogo inaweza kumezwa yote au kuzaa saa nzima, inategemea umeangukia wapi kwenye zamu. Ukiwa huijui ratiba, kwa wastani inarudi pale pale: dakika 10 za kuwahi zina thamani ya dakika 10. Ukiwa unaijua ratiba, basi jambo ni saa ya kuondoka nyumbani. Kutoka dakika 25 mapema kunakupa zaidi ya kile ambacho 120 inakupa kwenye njia hii.

kipimo_halisi
Mafuta je? Hakuna aliyeyagusa.

Baba_Gia
Nilikuwa nayajia. Upepo unaolikaba gari unakua kwa mraba wa spidi. Kutoka 100 hadi 120 unaongezeka kwa asilimia 44. Mafuta hayapandi kwa kiasi hicho chote, kwa sababu matairi na injini vina sehemu yao isiyobadilika sana, lakini asilimia 20 na ushee ni jambo la kawaida. Chukua gari linalokula lita 6.5 kwa kilomita 100 likiwa 100, na lita 8 likiwa 120. Kilomita 300 za wazi ni lita 19.5 dhidi ya 24. Zile 180 za miji na milima zinakula lita 13.5 kwa wote. Jumla ni 33 dhidi ya 37.5.

Tangi ni lita 42, na taa ya mafuta inawaka zikibaki 6, yaani ukishatumia 36. Wa 100 anafika taa ikiwa imezima. Wa 120 taa inamwakia kama kilomita 20 kabla ya kufika. Akiingia kituo cha mafuta, kupunguza mwendo, kusubiri zamu, kujaza, kulipa na kurudi barabarani ni dakika 12 kwa urahisi. Zile 22 zimebaki 10.

Dada_Breki
Hiyo inategemea mzee. Zipo dakika 40 za kusimama kula. Akijaza mafuta hapo hapo wakati abiria wanakula, hakuna kusimama kwa ziada. Wa 120 mwerevu hapotezi hizo 12.

Baba_Gia
Ikiwa kituo na chakula viko pamoja, sawa. Vikiwa mbali, dakika zinaondoka. Na wa 120 asiyetaka kusimama atapunguza hadi 90 taa ikiwaka, na hapo pia amelipa.

umeme_mtupu
Wakuu mimi gari langu ni la umeme, mafuta hayanihusu. Nikitembea 130 badala ya 100 naokoa dakika 14 kwa kila kilomita 100, sawa?

sifuri_na_nukta
Kwako mafuta ndiyo yanakuhusu kuliko wote, ila yanaitwa chaji. Kuanzia pale betri uliyoondoka nayo inapokwisha, kila kipimo cha umeme unachotumia zaidi lazima ukisimamie kwenye mashine. Tuseme gari lako linakula kWh 16 kwa kilomita 100 likiwa 100, na 23 likiwa 130. Tofauti ni 7.

Mashine ikikupa wastani wa kW 100, hizo 7 ni dakika 4 tu. Umeokoa 14 umelipa 4, unabaki na 10, kimbia. Mashine ikitoa kW 40, unalipa dakika 10 na nusu, unabaki na 3 na kidogo. Mashine ikitoa kW 22, unalipa dakika 19. Hapo wa 100 anakuacha nyuma ukiwa umechomeka waya.

Tahadhari moja: namba iliyoandikwa kwenye mashine siyo wastani. Betri inapopita asilimia 80 gari lenyewe linapunguza kasi ya kuchaji. Weka wastani uliosoma kwenye kioo cha gari kuanzia kuchomeka hadi kuchomoa.

umeme_mtupu
Nyingi za huku ni 50. Basi 110 inanitosha? Au 120?

sifuri_na_nukta
Bila kujua gari lako linakula ngapi kwa kila spidi siwezi kukupa namba. Shikilia 100 kwa kilomita 20, andika, kisha 110, kisha 120, kwenye kipande kile kile, upepo ule ule. Ukienda upande mmoja tu, upepo wa mbele utakuharibia vipimo vyote.

Mtaka_Kufika
Nimefuatilia kila kitu. Kuna njia ya kuiweka kwenye jedwali la simu?

Mzani
Ipo. Kila kipande cha njia mstari wake: kilomita kwenye B, spidi ya sasa kwenye C, spidi mpya kwenye D. Kisha:

```
=60*B2*(1/C2-1/D2)
```

Inakupa dakika zilizookolewa kwenye kipande hicho. Jaribu 300, 100, 120, lazima itoke 30. Kosa la kawaida ni kuandika spidi unayoikusudia badala ya wastani uliopatikana. Kwa kipande chako cha wazi wastani ni 97 na 110, ukiyachukua yale 185 na 164 ya malori. Mshale ulikuwa umesimama kwenye 100 na 120, lakini njia ilikupa 97 na 110.

Kupata wastani halisi, abiria aandike saa na kilomita za odomita kila njia inapobadilika sura: kuingia mji, kutoka mji, kuanza mlima. Usitegemee wastani wa kompyuta ya gari bila kuujua tabia. Simama injini ikiwa inawaka, utazame: kama namba inashuka, inahesabu na muda wa kusimama. Ukizima injini, nyingi zinaacha kuhesabu, kwa hiyo dakika zako 40 za chakula hazimo.

Sasa jaza mstari wa miji: 70, 42, 50. Inatoka 16. Spidi ya mijini huwezi kuipandisha kwa mguu, lakini ukiupita mji mkubwa kabla ya foleni ya asubuhi, wastani wa 42 kuwa 50 siyo muujiza.

Dada_Breki
Aliyesema hataki mahubiri anisamehe, hii nayo ni hesabu. Magari mawili yanakanyaga breki mahali pamoja, breki sawa, tairi sawa, moja linatoka 100 na jingine 120. Pale la 100 linaposimama kabisa, la 120 bado linatembea 66. Unachukua mraba wa 120, unatoa mraba wa 100, unatafuta kipeo. Na bado sijahesabu sekunde ya dereva kushtuka.

mchapa_lami
66? Nilidhani 20.

Dada_Breki
Wengi wanasema 20.

Mtaka_Kufika
Nimejaza jedwali. Kwa 100 inatoka saa 7 na dakika 5, kwa 120 saa 6 na dakika 44 bila kusimama kwa mafuta, saa 6 na dakika 56 nikisimama. Swali moja limebaki: ile dakika moja nyuma ya kila lori, Baba_Gia, umeipata wapi? Ikiwa sekunde 20 au dakika 3, majibu yanabadilika.

Baba_Gia
Yanabadilika sana. Niliichagua kwa barabara yenye magari ya wastani upande wa pili. Usiku malori yakiwa machache inashuka, siku ya sikukuu inapanda mpaka spidi ya kila mtu inakuwa ile ya lori. Hiyo namba hakuna atakayekupa, abiria wako ashike saa.